Sikio langu la kushoto, mafuta ya uvuguvugu na siku nne nilizozichezea

Niliamka Jumanne nikidhani kuna mbu. Mlio mwembamba, nziiii, usiokatika. Nikapunga mkono, nikafunika kichwa, wapi. Nilipoweka simu sikio la kushoto nikaona sauti ya mtu inatoka mbali, kama anaongea ndani ya mtungi. Nikailaumu simu. Nikaizima na kuiwasha mara tatu, mtu mzima mimi, kabla sijajaribu kuihamishia sikio la kulia.

Basi ushauri ukaanza. Jirani: "Hiyo nta tu, tia mafuta ya uvuguvugu." Nikatia. Duka la dawa nikapewa matone ya kulainisha nta na vidonge vya mafua, maana eti pua ikiziba na sikio huziba. Mwingine akaniambia nibane pua nipulize hadi sikio lipasuke "pa!" Nilipuliza mpaka macho yakanitoka. Halikupasuka kitu. Siku nne hizo zilikatika hivyo, na mimi nalalia upande wa kushoto, nina kitambaa shavuni, mafuta yanachuruzika shingoni.

Ijumaa jioni akapiga shangazi, muuguzi mstaafu. Hakuniuliza kama linauma. (Haliumi kabisa, na ndiyo hatari yake.) Akasema, "Hebu fumba mdomo ugune, mmmm, kama unabembeleza mtoto. Sauti inavumia upande gani?"

Nikaguna. Sauti ikawa kulia, kwenye sikio zima.

"Sasa ziba sikio la kulia kwa kidole, uguse tena."

"Niguse nini, shangazi?"

"Ugune!"

Hapo nikaelewa mwenyewe. Nilipoliziba lile zima, mvumo ukazidi hukohuko kulia. Sikio lililoziba kwa nta au maji huikuza sauti yako mwenyewe, kwa sababu mvumo unapita kwenye mifupa ya kichwa na kelele za nje hazingii kuufunika. Kama langu lingekuwa limeziba tu, mguno wangu wa kwanza ungevumia kushoto. Ulikimbilia kulia kwa sababu kushoto hakukuwa na wa kuupokea: tatizo lilikuwa ndani kabisa, kwenye sikio la ndani au mshipa wa kusikia, ambako mafuta ya jirani hayafiki hata yakijaa ndoo. Shangazi alisema kuguna si kipimo cha kutegemea peke yake, ila mimi nisisubiri Jumatatu.

Daktari wa masikio alianza kwa kunisafisha mafuta, huku akiguna yeye sasa, kwa hasira. Ngoma ya sikio ikaonekana safi, haina nta, haina usaha. Akagonga kile chuma chenye meno mawili, akakisimamisha katikati ya paji la uso: sauti ikaenda kulia, kama mguno wangu. Kisha kipimo cha usikivu, kile cha kubonyeza kitufe ukisikia mlio. Kulia nilisikia kuanzia desibeli 15, kushoto hadi ifike 60. Akasema usikivu ukishuka desibeli 30 au zaidi namna hiyo ndani ya siku tatu, hiyo ni dharura, na mara nyingi chanzo hakijulikani.

Dawa ilikuwa vidonge vya prednisoloni, aina ya steroidi, miligramu 60 kila asubuhi baada ya kula, siku kumi, halafu kupunguza kidogo kidogo. Kwanza alipima sukari na presha, kwani dawa hii huvipandisha vyote viwili. Usinunue mwenyewe. Nilikosa usingizi na nikala kama nimetoka jela. Alisema inasaidia zaidi ikianzwa siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Nilihesabu zile siku nne, nikanyamaza.

Dozi ilipoisha nilikuwa nimefika 45. Akanichoma sindano ya steroidi kupitia ngoma ya sikio, mara tatu, wiki moja moja. Inatisha kuitaja kuliko kuchomwa: kuna ganzi, kisha unalala ubavu nusu saa bila kumeza mate, maana ukimeza dawa inateremka kooni. Jaribu wewe kutomeza mate ukishaambiwa usimeze. Pia nilipigwa picha ya MRI kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa. Hapakuwa na kitu. Gharama? Picha peke yake ilipita vingine vyote kwa pamoja.

Leo kushoto niko 30. Wapo wanaorudi kama zamani, wapo wasiorudi kabisa hata kwa dawa. Daktari alisema pia nina bahati sikupata kizunguzungu, kwani wenye nacho hupona kwa shida zaidi, na kama uso ungepinda au mkono kulegea, ningepaswa kukimbizwa hospitali saa ileile kwa hofu ya kiharusi.

Mbu bado yupo, ila usiku tu, na kwa mbali. Jirani juzi kaniuliza kama yale mafuta yalisaidia.