Siku nzima na mrija wa maji: mchanga, mfinyanzi na tofauti ya mara laki tatu

Saa 1:15 asubuhi

Nafika maabara kabla ya wenzangu. Kazi yangu ni kupima udongo hapa Dodoma, na wiki hii mezani kuna sampuli mbili za lambo moja la kijijini. Ya kwanza ni mchanga wa mtoni, utakaotumika kama kichujio nyuma ya moyo wa tuta. Ya pili ni mfinyanzi mweusi wa mbuga, ambao ndio utakuwa moyo wenyewe. Mhandisi wa mradi anataka kujua maji yanapita kwa kasi gani katika kila mmoja. Mchanga uyaachie njia, mfinyanzi uyazuie.

Kabla hata ya kuweka mkoba chini nautazama mfinyanzi. Umo ndani ya kalibu ya chuma ya kipenyo cha sentimita 10.5 na urefu wa sentimita 11.55, na leo ni siku ya sita unanyweshwa maji kutoka chini kwenda juu, polepole, ili hewa itangulie kutoka. Juu yake nimefunga bamba la matundu ili usivimbe. Udongo wa mbuga ukipata maji na nafasi, huumuka kama andazi, na nikiuacha uumuke nitakuwa napima udongo mwingine, si ule utakaoshindiliwa kwenye tuta. Jana jioni matone ya kwanza yalitokea juu. Leo unapimika.

Saa 3:00

Naunganisha kalibu na mrija mwembamba wa kioo wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4, uliosimama wima kando ya rula. Naujaza hadi sentimita 120.0 juu ya usawa wa maji yanapotokea, nadondosha tone la mafuta juu ya maji ili yasipotee kwa mvuke, nafungua koki na kuandika saa. Hiki ndicho kipimo cha kimo kinachoshuka. Wenyewe maabara tunakiita foling hedi. Maji ya mrija yanasukuma kupitia udongo, mrija unashuka, na kasi ya kushuka ndiyo inayosema udongo unapitisha kiasi gani.

Natazama dakika tano nzima. Kwa macho, hakuna kilichosogea.

Saa 3:40

Mfinyanzi nauacha na kwenda kwenye mchanga. Huu una kipimo chake, cha kimo kisichobadilika, au konstanti hedi. Maji yanaingia kutoka kwenye tangi lenye tundu la kumwagia ziada, hivyo usawa wake haupandi wala haushuki. Yanapita kwenye mchanga uliomo ndani ya silinda yenye eneo la sentimita za mraba 44.2, na ubavuni kuna mirija miwili midogo iliyoachana kwa sentimita 10, inayoonyesha kimo kilichopotea kati ya nukta hizo mbili. Chini nakinga kwa silinda ya kupimia.

Tofauti ya kimo ni sentimita 6.0. Kwa dakika tano napata mililita 240. Narudia, napata 221. Narudia tena, 205.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo anaandika zote tatu na kuanza kutafuta wastani. Namzuia. Namba zikipishana huku na huku unaweza kuzitafutia wastani, lakini hizi zinashuka kwa mpangilio, na namba zinazoshuka kwa mpangilio zina jambo zinalosema. Namwambia aweke shavu karibu na ukuta wa silinda. Anaviona: viputo vidogo vya hewa vimeng'ang'ania katikati ya punje. Maji ya bomba asubuhi ni ya baridi na yamebeba hewa iliyoyeyuka. Yakipata joto ndani ya mchanga, hewa inajitenga na kuziba njia. Kila dakika inayopita, nakuwa napima mchanga uliozibwa zaidi.

Tunauvua mchanga, tunaupanga upya chini ya maji, na safari hii tunatumia maji tuliyoyachemsha jana na kuyaacha yapoe ndani ya chombo kilichofungwa hadi joto la chumba, nyuzi 25.

Saa 5:10

239, 241, 240. Sasa wastani una maana. Napunguza tofauti ya kimo hadi sentimita 3.0, yanatoka 120. Nusu ya kimo, nusu ya maji. Hapa ndipo ninapojua maji yanakwenda kwa utulivu na kanuni ya Henry Darcy inafanya kazi, ile aliyoichapisha mwaka 1856 baada ya kupitisha maji kwenye nguzo za mchanga mjini Dijon, Ufaransa. Laiti ningeongeza kimo maradufu na maji yasiongezeke maradufu, ningejua nimeyasukuma kupita kiasi. Katika hesabu hii k ni upitishaji tunaoutafuta, Q maji yaliyotoka, L umbali kati ya mirija miwili, A eneo la silinda, h tofauti ya kimo, na t muda kwa sekunde.

```
k = Q L / (A h t)
k = 240 × 10 / (44.2 × 6.0 × 300) = 0.030 cm/s
```

Maji ya nyuzi 25 ni mepesi kutiririka kuliko ya nyuzi 20, ambayo ndiyo joto la kulinganishia, kwa hiyo nazidisha kwa 0.89. Napata 0.027, yaani mita 0.00027 kwa sekunde. Mchanga huu unafaa kwa kichujio.

Saa 6:00 mchana

Narudi kwenye mrija. Saa tatu zimepita na maji yako kwenye 112.6. Ni sentimita saba na kidogo tu. Hii namba ya katikati naipenda kuliko zote, na nitasema kwa nini saa tisa.

Kijana ananiuliza swali ambalo nililitarajia tangu jana, alipokokotoa nafasi za wazi katika sampuli zote mbili: mchanga asilimia 36, mfinyanzi asilimia 46.

"Dada, mfinyanzi ndio wenye nafasi nyingi zaidi. Mbona ndio unaozuia maji?"

Namchorea mraba mmoja wenye tundu moja kubwa, na mwingine wa ukubwa uleule wenye matundu madogo mengi, jumla ya uwazi ikiwa sawa. Maji yanayogusa ukuta wa tundu hayatembei. Yanashika ukuta na kuyakawiza ya jirani. Katika tundu pana, maji ya katikati yako mbali na ukuta na yanakimbia. Katika tundu jembamba, karibu maji yote ni jirani wa ukuta. Hesabu yake ni kwamba ukilipunguza tundu upana mara 10, huku jumla ya uwazi ikibaki ileile, maji yanayopita yanapungua mara 100. Ukilipunguza mara 100, yanapungua mara 10,000.

Sasa turudi kwenye punje. Punje za mchanga wetu ni za sehemu za kumi za milimita, na njia kati yake ni za ukubwa unaokaribia huo. Chembe ya mfinyanzi iko chini ya milimita 0.002, tayari ndogo mara mia, na za udongo wa mbuga huwa ndogo zaidi ya hapo. Tena si punje za mviringo. Ni vibamba vyembamba vilivyolaliana, kwa hiyo maji yanazunguka kona nyingi badala ya kunyoosha, na maji yaliyo karibu kabisa na kibamba yanashikwa na chaji za umeme zilizo usoni mwake. Asilimia 46 ya nafasi ipo kweli, ila imegawanywa katika vichochoro visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja ambacho maji yanaweza kukimbia ndani yake.

Saa 7:00

Ugali, mlenda, maji mengi ya kunywa.

Saa 9:00 alasiri

Saa sita kamili tangu nifungue koki. Mrija uko kwenye 105.6.

Kwanza namba ya katikati. Katika kipimo hiki, vipindi viwili vya muda sawa lazima vishushe maji kwa uwiano sawa, si kwa sentimita sawa, kwa sababu kimo kinavyopungua msukumo nao unapungua. Kwa hiyo namba ya saa sita mchana ingepaswa kuwa kipeuo cha pili cha 120.0 × 105.6, ambacho ni 112.6. Ndicho nilichokisoma. Wiki iliyopita sampuli nyingine ya udongo huuhuu ilishuka haraka mwanzoni kisha ikapoa, nayo namba ya katikati ikakataa. Tuliipitishia maji ya rangi, tukaipasua, tukakuta rangi imeteremka ubavuni kati ya udongo na chuma. Tulikuwa tunapima mwanya.

Sasa hesabu. Hapa a ni eneo la ndani la mrija, L na A ni urefu na eneo la udongo ndani ya kalibu, h1 na h2 ni kimo cha mwanzo na cha mwisho.

```
k = (a L / (A t)) × ln(h1 / h2)
k = (0.1257 × 11.55) / (86.6 × 21600) × ln(120.0 / 105.6)
  = 9.9 × 10^-8 cm/s
```

Baada ya sahihisho la joto inabaki karibu mita 0.0000000009 kwa sekunde. Mchanga umeuzidi mfinyanzi mara laki tatu hivi. Chini ya msukumo uleule, ambapo kimo kinachopotea ni sawa na urefu wa udongo, mchanga ungepitisha kina cha mita 23 za maji kwa siku. Mfinyanzi usingefikisha sentimita 3 kwa mwaka mzima.

Maji yote yaliyopita kwenye mfinyanzi tangu asubuhi ni mililita 1.8. Ndiyo maana hatuupimi kwa silinda na kimo kisichobadilika: hayo maji yangeishia kulowesha kuta za silinda tu. Na mchanga nao tungeuweka kwenye mrija huu mwembamba, kwa hesabu maji yangeshuka sentimita hizohizo 14 kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha.

Mililita 1.8 ndiyo pia inayonikosesha usingizi. Ni kama matone 36. Kiungo cha mpira kikivuja tone moja kila dakika kumi, udongo utaonekana unapitisha maradufu. Kwa hiyo kila kiungo nimekizungushia karatasi ya tishu tangu saa tatu. Nazigusa moja moja. Kavu zote.

Saa 10:20

Nampigia mhandisi aliyeko eneo la kazi. Anafurahi, kisha anasema leo wameanza kushindilia na udongo ni mkavu kidogo, lori la maji limechelewa. Namwomba asimame kwanza. Sampuli yangu ilishindiliwa ikiwa na unyevu wa asilimia mbili juu ya ule unaotoa mshindilio bora. Mfinyanzi ukishindiliwa mkavu, mabonge yake hayapondeki wala hayashikani. Mianya inabaki kati ya bonge na bonge, na maji hufuata mianya hiyo. Uzito wa udongo unaweza kutoka uleule kwenye cheti, huku upitishaji ukipanda mara kumi, hata mara mia. Vilevile tabaka lililokamilika lisiachwe juani bila kufunikwa. Mbuga hupasuka, na ufa mmoja wa kupitisha kucha unazipita hesabu zangu zote za leo. Kalibu ya sentimita 10 haina ufa, kwa hiyo namba yangu ni ya udongo usiopasuka tu.

"Sawa mama, tunasubiri maji."

Saa 11:00 jioni

Naujaza mrija tena hadi 120.0, tone la mafuta, koki. Usiku kucha ni saa kumi na sita. Nakokotoa na kubandika karatasi ukutani: kesho saa 3:00 asubuhi, 85.3. Kijana anaweka sahihi yake chini ya yangu, nazima taa.