Supertrend yangu ilikataa kugeuka, nikaja kugundua bendi zake zina kumbukumbu

Wiki nzima nimekaa na hii indiketa, nilitaka niiandike mwenyewe kwa Python badala ya kuchukua tu ya kwenye chati, maana nilikuwa naona laini inaruka kutoka chini ya bei kwenda juu na sielewi nini hasa kimeirusha. Kanuni yenyewe nikaona nyepesi: unachukua katikati ya mshumaa, yaani (juu + chini) / 2, unajumlisha ATR, yaani wastani wa mtembeo wa bei kwa kila mshumaa, mara 3 unapata bendi ya juu, unatoa unapata ya chini. Nikaandika kwamba bei ikifunga chini ya bendi ya chini trendi imegeuka, nikaendesha, matokeo yakaja kijani, yaani trendi ya kupanda, mwanzo mwisho. Hakuna hata mgeuko mmoja, wakati chati ya TradingView kwa data ileile ina mageuko kibao.

Nilihangaika siku mbili nikidhani ATR ndo mbovu. Nikairudia kwa mkono, TR, yaani mtembeo wa mshumaa mmoja, ni kubwa kati ya vitu vitatu: juu toa chini, umbali wa juu kutoka bei ya kufunga ya jana, na umbali wa chini kutoka hiyohiyo ya jana, halafu unalainisha kwa njia ya Wilder, ATR ya jana mara 9 ongeza TR ya leo, halafu jumla yote gawa kwa 10. Ilikuwa sawa kabisa.

Kilichonifungua macho ni kuchukua daftari na mishumaa minne tu. ATR ilianza 2. Wa kwanza juu 101 chini 99, ukafunga 100.5, katikati 100, kwa hiyo bendi ya chini 94. Wa pili ukapanda, 104 na 102, ATR ikafika 2.15, bendi ya chini 96.55. Wa tatu ukashuka, 103.5 hadi 98.5, ukafunga 99, ATR 2.435, na hapo bendi yangu ikarudi chini mpaka 93.70! Wa nne ulicheza kati ya 99.5 na 95.5 ukafunga 96, bendi ikakimbia tena hadi 89.73. Yaani kila bei ikishuka bendi nayo inashuka, tena mbio zaidi maana ATR inapanda, sasa bei itaikamata saa ngapi? Ukifikiria vizuri bei ya kufunga haiwezi kuwa mbali na katikati ya mshumaa wake kuliko nusu ya urefu wa mshumaa, kwa hiyo ili ivuke ATR 3 mshumaa lazima uwe na urefu zaidi ya ATR 6, kitu ambacho karibu hakitokei.

Kumbe bendi inatakiwa ikumbuke ilipokuwa. Ya chini inaruhusiwa kupanda tu, haishuki, na ya juu inaruhusiwa kushuka tu:

```python
if lb[i] > fl[i-1] or close[i-1] < fl[i-1]:
    fl[i] = lb[i]
else:
    fl[i] = fl[i-1]
```

Hapo lb ni bendi ghafi na fl ni ile ya mwisho. Sasa rudi kwenye mfano: bendi inabaki 96.55 mshumaa wa tatu na wa nne, bei inafunga 96, iko chini yake, trendi imegeuka. Laini inahamia bendi ya juu, ambayo muda wote ilikuwa inahesabiwa kimyakimya bila kuonekana, ilishikilia 106 na mshumaa wa nne ikashuka 105.27. Ndo ule mruko niliokuwa nauona.

Hicho kipande cha `close[i-1] < fl[i-1]` mwanzoni nilikiacha nikaona hakina kazi, na hapo ndo nikapata ugonjwa wa pili, mageuko mawili mawili kwenye mishumaa inayofuatana. Bila hicho kipande bendi iliyokwishavukwa haiachiliwi, inabaki imeganda palepale bei ilipoiacha, kwa hiyo siku trendi ikigeuka laini inajikuta upande usio wake wa bei na inageuka tena papo hapo. Ukiona mishale inakuja kwa jozi hivyo, anza kuangalia hapo.

Tofauti ndogo iliyobaki ilikuwa mwanzo wa data, maana ATR ya Wilder inabeba thamani ya kuanzia kwa muda, ila baada ya mishumaa 50 mchango wake unakuwa chini ya asilimia 1, nikaikata sehemu hiyo. Na kama unalinganisha na `ta.supertrend` ya TradingView angalia alama, pale -1 ni trendi ya kupanda na 1 ni ya kushuka, mimi nilikuwa nimeweka kinyume. Nilipogeuza alama mageuko yote yakakaa mshumaa kwa mshumaa, isipokuwa ule wa mwisho ambao haujafunga, huo unaweza kugeuka na kurudi mara kadhaa kwa sababu bei yake ya kufunga bado inatembea.