Kanuni ya Simpson iliponigomea kwenye kipeuo cha pili

Nafundisha hesabu kidato cha sita. Siku moja mwanafunzi aliniletea daftari: "Mwalimu, nimefuata kanuni hatua kwa hatua, mbona jibu liko mbali?" Alikuwa anatafuta eneo chini ya √x kutoka 0 hadi 1 kwa kanuni ya Simpson, ambayo hukata masafa vipande vyenye upana sawa na kukadiria eneo. Jibu kamili ni 2/3, yaani 0.66667. Yeye, kwa vipande 4, alipata 0.65653.

Nilidhani kakosea vizidishi, nikarudia mwenyewe. Kanuni hupitisha parabola moja juu ya kila jozi ya vipande, ndiyo maana idadi yake lazima iwe shufwa. Ukiwa na vipande 5, kimoja kinabaki bila mwenzake. Kwa vipande 4, upana h ni 0.25:

```
S = (h/3)[f0 + 4f1 + 2f2 + 4f3 + f4]
  = (0.25/3)[0 + 4(0.5) + 2(0.70711) + 4(0.86603) + 1]
  = 0.65653
```

Hakukosea popote. Nikaongeza vipande hadi 8, nikapata 0.66308. Kosa lilishuka kutoka 0.01014 hadi 0.00359, kama mara 2.8 tu. Hapo nikashtuka, kwa sababu nilizoea kuona likishuka karibu mara 16. Kwa mfano, 1/(1+x) katika masafa hayohayo: kwa vipande 4 kosa ni 0.000107, kwa vipande 8 ni 0.0000074, mara 14 na ushei.

Nikarudi kwenye fomula ya kosa, ambayo wengi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani kisha tukaiacha:

```
E = -((b - a)/180) · h^4 · f''''(c)
```

Hapa a na b ni ncha za masafa, c ni nukta fulani kati yake, na f'''' ni drivativu ya nne. Ile 16 inatoka kwenye h^4: ukigawa h kwa mbili, unagawa h^4 kwa 16. Lakini hilo linadai drivativu ya nne iwe na ukomo katika masafa yote. Ya √x ni -(15/16)x^(-7/2), na x ikikaribia 0 inakua bila kikomo. Kwa hiyo fomula haituahidi chochote hapo. Hata kwa macho inaonekana: pale mwanzo √x inapanda wima kabisa, na parabola ya aina hii haiwezi kusimama wima.

Dawa niliyoipata ni kubadilisha kigeu kabla ya kukata vipande. Weka x = t², basi dx = 2t dt, na tunachotafuta kinakuwa eneo chini ya 2t² kutoka 0 hadi 1. Kwa vipande 2 tu:

```
S = (0.5/3)[0 + 4(0.5) + 2] = 2/3
```

Jibu kamili, maana 2t² yenyewe ni parabola na drivativu yake ya nne ni sifuri. Tangu siku ile wanafunzi wangu hukokotoa mara tatu, kwa vipande n, kwa 2n na kwa 4n, na pembeni wanaandika uwiano wa tofauti zinazofuatana. Ukikaa karibu na 16 wanaendelea. Ukiwa 2 au 3, wanaweka kalamu chini na kuchunguza ncha za masafa kwanza.