YAH: Mavazi Kazini

Nilikuwa katibu wa afya katika kituo kimoja cha wilayani. Mganga mfawidhi aliniletea rasimu ya mkono niipige chapa na kuibandika ubaoni siku ileile: "Imebainika kuwa baadhi ya watumishi wana tabia ya kuvaa ndala, kufuga kucha na kujipamba kama wanakwenda harusini. Mavazi ya kuning'inia ni marufuku. Tabia hii ikome mara moja. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali."

Nilijua kilichomkera. Wiki ile sindano iliyokwisha kutumika ilidondoka wodini, ikatua kando ya kidole cha muuguzi aliyevaa ndala. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa. Ila sindano yenyewe haikutajwa popote kwenye tangazo.

"Dokta, naomba niliandike upya," nikamwambia. "Masharti yatabaki."

"Tatizo liko wapi?"

"Hapo kwenye 'baadhi ya watumishi'. Kila mtu atabaki anatafuta nani anasemwa, na ubao ule hata wagonjwa wanausoma. Hao wahusika si uwaite ofisini?"

Akaguna, akaniachia karatasi.

Nilianza na viatu: "Wanaohudumia wagonjwa watavaa viatu vilivyofunika vidole, visivyopitisha maji, ili sindano au damu ikidondoka isifike kwenye ngozi." Kucha ziwe fupi, bila za kubandika, maana uchafu hujificha chini yake na ncha hutoboa glavu. Saa na bangili zivuliwe, mikono inawike mpaka kwenye kifundo. Maneno ya harusini niliyafuta. Hayamwambii mtu avue nini.

Sentensi ya mavazi ya kuning'inia ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Dada zetu Waislamu wangeielewa kwamba hijabu imekatazwa, jambo ambalo daktari hakulikusudia hata kidogo. Nikaandika wazi: hijabu inavaliwa, ncha zake zichomekwe ndani ya koti zisimguse mgonjwa wala kidonda.

"Mara moja" nayo niliiondoa. Viatu vinanunuliwa, na tulikuwa katikati ya mwezi. Nikaweka tarehe 1 ya mwezi uliofuata, mshahara ukiwa umeshatoka, na mwenye shida ya kuvipata amwone muuguzi kiongozi kabla ya hapo.

Kwenye "hatua kali" daktari aligoma. Bila adhabu, alisema, hawatafuata. Sikubishana naye sana, kwa sababu tangazo lisilosema kitakachotokea nalo halimtendei haki msomaji. Tukakubaliana: asiyevaa viatu hivyo hatapangiwa wodini siku hiyo, na atazungumza na kiongozi wake faragha. Akasaini.

Mtu wa kwanza kuja na swali alikuwa mama wa usafi. Alitaka kujua kama gambuti zake za kudekia zinakubalika. Zinakubalika, nikamjibu, nikaongeza neno "gambuti" kwa kalamu palepale ubaoni.