Kupima umbali kwenye picha ya ramani bila kudanganywa na skeli

Ushauri niliopewa ulikuwa ule ule kila mahali: pima kwa rula, zidisha kwa skeli, umemaliza. Kwenye ramani ya karatasi ni sawa. Kwenye picha ya simu ni upotoshaji, na unawagharimu watu maksi.

Swali langu lilitaka umbali kutoka darajani hadi kileleni, skeli 1:50,000. Kwenye skrini nilipata sentimita 11.2, yaani kilomita 5.6. Nikaikuza picha kidogo, jibu likabadilika! Daraja halijahama, kilele hakijahama. Kilichobadilika ni ukubwa wa picha, na ile 1:50,000 ni ya karatasi ilivyochapwa tu.

Kilichoniokoa ni miraba ya gridi. Kwenye 1:50,000 mraba una upande wa sentimita 2 kwenye karatasi, sawa na kilomita 1 ardhini. Ukiikuza picha, mraba nao unakua, lakini kilomita yake inabaki ile ile. Nilirudisha picha kwenye ukubwa wa mwanzo, nikapima mraba: sentimita 3.2. Basi 11.2 gawanya kwa 3.2 ni kilomita 3.5. Kama gridi haionekani, tumia skeli mstari, mradi imo ndani ya picha hiyo hiyo. Barabara ikipinda, tembeza ukingo wa kipande cha karatasi kona kwa kona, kisha kilinganishe na miraba.

Pima mraba ulio karibu na njia yako, na upime mwingine juu na chini ya picha. Miraba ya juu ikiwa midogo kuliko ya chini, simu ilishikwa kwa kuinama, na hapo hata pembe zimepotoka. Omba picha nyingine iliyopigwa kutoka juu, wima.

Mwelekeo nao usipimwe kutoka ukingo wa skrini. Gridi yangu ilikuwa imelalia kulia kwa digrii 8. Kutoka ukingoni, protrakta ilisoma 70. Nilipoweka sifuri kwenye mstari wa gridi unaokwenda kaskazini, nikapata 62, ambalo ndilo jibu. Kaskazini ni upande ambao namba za mistari ya mlalo zinaongezeka.

Kontua nyembamba huungana kwenye picha yenye ukungu, kwa hiyo sikuhangaika kuzihesabu zote. Nilitafuta zile nene zenye namba: 1500 na 1600, zikitengana kwa nafasi tano, hivyo kila nafasi ni mita 20. Daraja lilikuwa kwenye 1500, na kilele kimeandikwa 1640. Tofauti ya kimo ni mita 140. Mita 3,500 gawanya kwa 140 ni 25, kwa hiyo mteremko ni 1:25. Kwa ile kilomita 5.6 ningeandika 1:40, na mwinuko ungeonekana mpole kuliko ulivyo.