Amri 23 kwenye karatasi mbili

Mwaka 2016, wiki chache kabla ya mtihani wa KCSE, nilialikwa kuzungumza na watahiniwa wa shule moja ya sekondari hapa Lamu kwa dakika 15. Niliandika hotuba yangu usiku mmoja, ikajaa kurasa mbili, na kwa kuwa niliipenda sana niliipeleka jioni ya pili kwa ami yangu, aliyesomesha madrasa miaka mingi, nikamsomea barazani kwake Langoni huku punda wakipita na mizigo ya mchanga.

Alinisikiliza kimya mpaka nusu ya ukurasa wa kwanza, kisha akaanza kuifuta miwani yake. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe uko wapi humu?" Sikumwelewa. Akanipa kalamu nyekundu na kuniambia nipige mstari chini ya kila mahali nilipowaamrisha wale watoto. Amkeni mapema, heshimuni walimu, msikate tamaa, acheni simu, lazima mjitume, inawapasa mpange wakati: mistari ilifika 23.

Jaribio langu la kwanza la kuirekebisha lilikuwa la kivivu. Niligeuza "amkeni" kuwa "tuamke" na "mjitume" kuwa "tujitume", nikidhani kwamba nikijiweka ndani ya kitenzi nitakuwa nimejiweka ndani ya habari. Ami alicheka. "Umebadilisha kanzu tu, mvaaji ni yule yule." Ni kweli, maana anayesema "tuamke mapema" mbele ya vijana waliokwisha kuamka alfajiri kuvuka maji kwa mashua bado anawaamrisha, na zaidi ya hayo anajifanya mwenzao.

Ndipo tulipoanza kazi yenyewe. Kando ya kila mstari mwekundu niliandika swali moja: hili lilinipata lini? Kati ya amri 23, nilikuwa na tukio langu mwenyewe la kuegemea katika 6 tu. Ile ya simu niliifuta papo hapo, kwani nilipokuwa shuleni sikuwa na simu ya kuacha. Nyingine nilizikuta ni maneno niliyoambiwa na wakubwa, nami nikawa nayapitisha tu kama mpeleka barua asiyejua kilichomo.

Iliyonisumbua zaidi ilikuwa sentensi hii: "Msikate tamaa mnapofeli, inukeni mjaribu tena." Niliiandika upya hivi: "Nikiwa kidato cha tatu nilipata alama 19 kati ya 100 katika hisabati. Niliikunja karatasi mara nne, nikaificha chini ya mkeka wa chumba cha nje, na kwa siku tisa nikawa naondoka nyumbani kabla baba hajarudi kutoka msikitini, ili asinitazame usoni." Hapo nilisita, kwa sababu mkono ulikuwa tayari unaandika "hivyo basi, nanyi". Ami aliona, akaweka kidole juu ya karatasi. Maneno hayo matatu, alisema, yangeirudisha amri kwa mlango wa nyuma.

Amri ya kuomba msaada nayo ikawa kisa cha binamu yangu wa kidato cha pili aliyenifundisha milinganyo baada ya sala ya isha, na jinsi nilivyoona haya mdogo wangu anaponishikia kalamu. Mwanzoni nilikimaliza kisa hicho kwa kutaja daraja nililopata mwishoni. Nilipokisoma kwa sauti nikasikia majigambo, nikaikata sentensi ile, nikabakiza ile haya. Nadhani ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, kwa kuwa kisa cha ushindi mtupu humwambia msikilizaji "kuwa kama mimi" bila kutumia hata kitenzi kimoja cha kuamrisha.

Amri moja niliiacha kama ilivyo: anayevuka kwa mashua siku ya mtihani avae jaketi la kuokolea. Jambo la usalama halihitaji kisa. Lilihitaji kusikika, na kwa kuwa lilibaki peke yake, lilisikika.

Hotuba mpya ilikuwa na visa viwili na haikufika dakika 9. Nilipokaa kitako niliona kwamba sikuwa nimeeleza mwisho wa ile karatasi, nikaogopa kuwa nimeacha pengo. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Samahani kaka, baba yako aliiona?"

Nikamwambia kwamba aliiona siku ya kumi, mama alipoutoa mkeka uanikwe juani. Ukumbi ukaangua kicheko, na mikono mingine minne ikanyooshwa.