Roboti yangu ilipofuata bei ya zamani

Nilifungua logi asubuhi pale Kondele, Kisumu, chai mkononi. Skripti iliandika "salama", lakini pozisheni haikuwepo: ilikuwa imelikwidetiwa usiku, yaani soko la kripto liliifunga kwa lazima dhamana ilipokaribia kuisha.

Nilikuwa na longi ya fyucha za kudumu: koini 20 kwa dola 100 kila moja, yaani dola 2,000, juu ya salio la dola 200, levareji mara 10, marjini ya krosi, ambapo salio lote ni dhamana. Siku ya kufungua nilipiga hesabu ya bei ya likwidesheni, nikapata takriban 90.45, nikaiandika kwenye skripti. Kosa lilikuwa hapo.

Fanding, malipo ya mara kwa mara kati ya wanaobashiri bei kupanda na wanaobashiri kushuka, ilikuwa asilimia 0.05 kila baada ya saa 8, na mlipaji nilikuwa mimi. Inaonekana ndogo, lakini hukatwa kwa thamani ya pozisheni nzima, si kwa salio. Ni dola 1 kila mara, dola 3 kwa siku. Baada ya siku 10 salio lilibaki 170, na bei ya likwidesheni ikapanda hadi karibu 91.96. Bei iliposhuka hadi 91.5, skripti bado ilidhani kuna nafasi.

Sasa kila dakika skripti inasoma upya namba hizi kutoka kwa soko lenyewe:

```
umbali = (markPrice - liquidationPrice) / markPrice
```

Ni `markPrice`, bei ya rejea inayokokotolewa na soko, si bei ya mauzo ya mwisho, kwa kuwa likwidesheni hufuata hiyo. Umbali ukishuka chini ya 0.05, inapunguza pozisheni kwa nusu. Soko lisipojibu mara 3, napigiwa simu. Kimya nimeacha kukiita "salama".